Kitenzi Kinachoegemea Mwenzake: Namna ya Kukagua -ka- Katika Masimulizi

Ndugu wahariri, walimu wa insha, na nyote mnaosoma miswada kabla haijapigwa chapa, nawasalimu.

Msimulizi wa ngano akiita "Paukwa!", watoto humjibu "Pakawa!" Tukilipasua jibu hilo tunapata pa-ka-wa: pa ya mahali, ka ya masimulizi, na wa ya kuwa. Watoto hawajibu "palikuwa". Mtu anaweza kuingia chumbani, akasema "palikuwa na mzee mmoja", na kila mtu akamwelewa. Akiingia akisema "pakawa na mzee mmoja", watu watamwuliza: baada ya nini? Pakawa haisimami peke yake. Inaushika mkono wa neno lililotangulia, na hapo ndipo lilipo jambo zima nililokuja kulizungumza.

Vitabu vingi vya shule huiorodhesha -ka- pamoja na -li-, -na-, -me- na -ta-, kana kwamba ni wakati mmojawapo. Mwanafunzi hutoka hapo akiamini kwamba -ka- ni wakati uliopita wa namna fulani. Makosa mengi tunayokutana nayo mezani yanaanzia kwenye imani hiyo. Kiambishi hiki hakina wakati wake. Huazima wakati wa kitenzi kilichokitangulia, kisha kikaongeza jambo moja: tendo hili limekuja baada ya lile. "Alikwenda sokoni, akanunua ndizi" ni jana kwa sababu ya alikwenda. Lakini sikilizeni haya: "Ukifika ukamkosa, mwachie barua." Hapo ukamkosa hakujatokea bado, maana kitenzi kilichokopesha wakati ni ukifika. "Hurauka, akaswali, akaenda shambani" ni mazoea ya kila siku, kwa kuwa mkopeshaji ni hu-. "Ungekuja mapema ukaniambia, ningekusaidia" ni jambo ambalo halikutokea kabisa. Na tunaulizana, "Umekula ukashiba?", tukiegemea -me-. Kiambishi ni kilekile, ila ukuta unaoegemewa umebadilika.

Kwa hiyo mkaguzi hawezi kuikagua -ka- kwa kuitazama ndani ya neno lake tu. Ana maswali mawili ya kuuliza kila anapokutana nayo. La kwanza: kitenzi hiki kinaegemea kipi? Rudisha kidole nyuma mpaka ukipate. Ukifika mwanzo wa habari hujakipata, mnyororo hauna nanga, na kitenzi cha kwanza kinahitaji -li- au kiambishi kingine chenye wakati wake. La pili: je, tendo hili limefuata lile? Kwa swali hili la pili kuna jaribio jepesi. Tia neno "kisha" mbele ya kitenzi chenye -ka-. Sentensi ikibaki na maana ileile, endelea. Ikipotoka, simama hapo.

Jaribio hilo lina mpaka wake, na ni vizuri mwujue mapema. Kiswahili kina jozi za vitenzi vinavyosimulia tendo moja kwa maneno mawili: "akajibu akasema", "akanena akamwambia". Mtu huyu hakujibu kisha akasema. Kujibu kwake ndiko kusema kwake. "Kisha" haiingii, lakini sentensi ni sahihi na ina ladha ya masimulizi. Msiifute.

Sasa niingie penye kina, yaani habari za nyuma. Msimulizi huwa na njia kuu anayokwenda nayo, tendo baada ya tendo, na mara kwa mara husimama kando ya njia kueleza jambo lililotokea zamani, au hali iliyokuwapo, au sababu. -ka- ni ya njia kuu peke yake. Kila anachokieleza msimulizi akiwa kando ya njia kinahitaji umbo jingine, kwa sababu msomaji huisoma -ka- kama amri ya kusonga mbele. Tazameni: "Akafika nyumbani akakuta mlango wazi, kwa sababu mwanawe akatoka mbio." Mwandishi anajua kwamba mtoto alitoka kabla mzee hajafika. Msomaji anaambiwa kinyume chake: mzee amefika, amekuta mlango wazi, kisha mtoto ametoka. Wakati umegeuka, na sababu imekuja baada ya matokeo yake. Umbo linalotakiwa ni "mwanawe alikuwa ametoka mbio", au kwa ufupi "mwanawe alitoka mbio". La kwanza ni salama zaidi, maana -likuwa -me- husema wazi kwamba jambo lilikwisha kabla.

Maneno yanayotangaza kwamba msimulizi yuko kando ya njia si mengi, na jicho likiyazoea huyanasa upesi: kwa sababu, kwa kuwa, kwani, maana, tangu, kabla. Ukiona -ka- baada ya mojawapo ya hayo, rudia sentensi polepole. Mara chache utakuta iko sawa, kwa kuwa ndani ya sababu yenyewe mna mnyororo mdogo: "kwa sababu mwanawe alitoka mbio akasahau kufunga." Hapo akasahau inaegemea alitoka, si akakuta. Mnyororo mdogo una nanga yake.

Vitenzi vya hali navyo vinataka uangalifu, na hapa kosa halionekani kwa urahisi kwa sababu sentensi haiharibiki. Maana tu ndiyo inayohama. "Alikuwa mfalme" ni hali iliyokuwapo. "Akawa mfalme" ni kwamba hakuwa, sasa amekuwa. "Alijua siri ile" ni kwamba siri alikuwa nayo moyoni. "Akajua siri ile" ni kwamba imemfikia sasa hivi. "Alikuwa amesimama" ni mtu tunayemkuta wima, na "akasimama" ni mtu aliyekuwa ameketi akainuka, au aliyekuwa akitembea akakoma. -ka- haiwezi kueleza hali iliyokwisha kuwapo; inaeleza mwanzo wa hali. Kwa hiyo mwandishi akiandika, "Akaingia chumbani. Bibi yake akawa mgonjwa," amemfanya bibi augue mbele ya macho yetu, pale mjukuu alipoingia. Kama bibi aliugua tangu wiki iliyopita, ni "bibi yake alikuwa mgonjwa". Kosa hili huwapata hasa waandishi walioambiwa kwamba insha nzuri ni ile yenye -ka- nyingi. Wakishaanza mnyororo wanaogopa kuukata, wakati kuukata kwa alikuwa kisha kuuendeleza kwa akafanya ndiko kusimulia kwenyewe.

Tofauti nyingine ya aina hiyo inabebwa na irabu moja. "Alikuja akalia" ni kuja kwanza, kilio baadaye. "Alikuja akilia" ni kwamba alikuwa njiani na machozi yakimtoka. Matendo mawili yakienda pamoja, -ki- ndiyo yake. Kosa la chapa la herufi moja hapa halinaswi na programu ya kusahihisha tahajia, maana maneno yote mawili yamo katika lugha. Linanaswa na mtu anayejiuliza: haya yamefuatana au yameandamana?

Nije kwenye ukanushi. -ka- ya mfululizo haina umbo lake la kukanusha, na wanafunzi, hasa wanaojifunza Kiswahili ukubwani, hujaribu kulitengeneza: *hakamwona, *akasimwona. Yote mawili hayamo katika Kiswahili sanifu. Mzungumzaji ana njia mbili. Anaweza kutumia ukanushi wa kawaida wa wakati uliopita: "Akamtafuta kutwa nzima, hakumwona." Au anaweza kutumia -si- yenye kiishio -e: "Akamtafuta kutwa nzima asimwone." Zote ni sahihi. Kwa sikio langu hazilingani, na ningependa mhariri asizibadilishe ovyo. Hakumwona inakata mnyororo kidogo na kutoa taarifa. Asimwone inabaki ndani ya mnyororo. Kutafuta na kukosa vinakuwa tendo moja refu lililoishia patupu. Ndiyo maana wasimulizi wa ngano huipenda: "akaita asiitikiwe, akabisha asifunguliwe." Baada yake mnyororo unaendelea bila taabu: "asimwone, akarudi zake."

Kuna mtego katika upande wa pili, pale ambapo nanga yenyewe ni kanushi. "Hakuja akaniambia" maana yake hakuja, wala hakuniambia. Ukanushi umemwagika mpaka kwenye kitenzi cha pili, kwa sababu -ka- imeazima kila kitu cha kitenzi cha kwanza pamoja na kukana kwake. Basi mwandishi akiandika, "Hakwenda sokoni akanunua samaki," msomaji ataelewa kwamba samaki hakununuliwa. Ikiwa alimnunua kwa jirani, anza upya: "Hakwenda sokoni, alinunua samaki kwa jirani." Katika "hakumwona, akarudi" maana haimwagiki, kwa kuwa kurudi ni tokeo la kukosa, na koma inasaidia. Lakini pasipokuwa na uhakika, -li- mpya ni dawa.

Kuhusu maumbo nitakwenda upesi zaidi, ingawa hapa ndipo kalamu nyekundu hutumika sana. Vitenzi vya silabi moja, yaani -la, -ja, -fa, -nywa, -wa na wenzao, hubeba ku- baada ya -li- lakini huiacha baada ya -ka-: alikula, akala, alikuja, akaja, alikunywa, akanywa, kulikucha, kukacha. Sababu iko kwenye mkazo. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na -li- haikubali kuubeba, kwa hiyo ku- huletwa ili iubebe: a-li-KU-la. -ka- inaubeba yenyewe: a-KA-la. Ukiijua sababu hiyo hutahangaika kukariri. Pia utaelewa kwa nini "alimla" na "akamla" zote hazina ku-: mkazo umebebwa na -m- ya mtendwa. Kwenda na kwisha hufuata njia iyo hiyo. Tuna alikwenda au alienda, lakini baada ya -ka- ni akaenda, na pwani na katika mashairi utasikia akenda. *Akakwenda na *akakula hurekebishwa.

Vitenzi vinavyoanza na ka- hupoteza silabi mikononi mwa mwandishi mwenye haraka. Kukaa, kukata, kukataa, kukamata: katika mnyororo ni akakaa, akakata, akakataa, akakamata. Mkono ukiruka ka moja tunapata akaa, akata, akataa, ambayo ni maumbo halali ya wakati usiodhihirika, "yeye akaa", "yeye akataa", na kwa hiyo kompyuta haitalalamika. Njia ya uhakika ni kumega neno vipande: a-ka-kataa. Ukimega akakikata unapata a-ka-ki-kata, yaani yeye, mfululizo, kitu kinachokatwa, tuseme kiazi, kata. Kila kipande kina kazi yake, na kimoja kikikosekana utakiona.

Kisha kuna kiishio -e. "Alikwenda akamwona mganga" ni jambo lililotimia. "Alikwenda akamwone mganga" ni nia; alikwenda ili amwone, na hatujui kama alimwona. Vivyo hivyo tunaamuru, "nenda ukanunue chumvi", "kamwite baba". Hii ni -ka- ya kwenda mahali kutenda, na baada ya kitenzi cha kuagiza, kutaka au kuruhusu, -e ndiyo inayotakiwa.

Neno kuhusu ka isiyo yetu. Katika mazungumzo ya Tanzania, hasa, mtu husema "Juma kaja", "mama kaenda sokoni", akimaanisha amekuja, amekwenda. Ka hiyo ni ya nafsi ya tatu umoja tu. Wengi wakija husemwa wamekuja. Haifuati tendo lolote. Ipo pia ile ya ngano na mashairi, "kajenga nyumba kakaa", ambayo ni akajenga, akakaa, iliyodondosha a-. Zinafanana kwa sura. Zitenganishe kwa swali letu la kwanza: kama kuna kitenzi nyuma kinachoegemewa, ni ya masimulizi, kama hakuna, ni ya mazungumzo, na mahali pake ni ndani ya alama za mnukuu, mhusika anapozungumza.

Sasa tufanye kazi pamoja. Nimetunga kipande kifupi na kutia humo makosa ninayoyakusudia:

"Mvuvi mmoja aliamka alfajiri, akakunywa chai, akachukua nyavu zake akaenda pwani. Akakuta ngalawa yake haipo, kwa sababu usiku upepo mkali ukakata kamba. Akaitafuta mpaka jua kali hakaiona. Kijana akayekuwa akisuka dema akamwona, akamsogelea, akaa karibu naye. Akamwambia aende akamwona nahodha wa zamu. Nahodha akaja akacheka, akasema ngalawa imezuiliwa na mikoko."

Nanga ipo: aliamka. Akakunywa imebeba ku- isiyohitajika, iwe akanywa. Akachukua na akaenda zinapita; "kisha akachukua", "kisha akaenda" haziharibu kitu. Akakuta iko sawa, na haipo baada yake ni hali anayoiona mvuvi wakati ule, haidai -ka-. Halafu tunakutana na kwa sababu, na ukakata. Je, kamba ilikatika baada ya yeye kukuta? Hapana, ilikatika usiku. Iwe "upepo mkali ulikuwa umekata kamba". Hakaiona iwe asiione, au hakuiona. Mimi ningechukua asiione, kwa kuwa kutafuta kwenyewe kumechukua muda mrefu na kukosa ni mwisho wake.

Akayekuwa ni kosa la aina nyingine. -ka- haipokei viambishi vya urejeshi, -ye-, -cho-, -po- na jamaa zake. Na kuna sababu ya maana, si ya umbo tu: kishazi cha urejeshi hutambulisha mtu au wakati, hakisongezi hadithi. Kijana alikuwa akisuka dema tangu kabla hatujamwona. Ni aliyekuwa. Kwa hoja hiyohiyo haiandikwi *akapofika, ni alipofika. Kitenzi kinachofuata ndicho kinachoweza kuchukua -ka-. "Alipofika mlangoni, akabisha hodi" inakaa vizuri katikati ya hadithi ambayo mnyororo wake umekwisha kuanza. Katika sentensi ya kwanza kabisa ya hadithi, ningeandika alibisha.

Akaa ni akakaa iliyoruka silabi. Akamwona baada ya aende ni agizo, kwa hiyo akamwone. Hapo pia tuangalie nani anatenda. Katika mnyororo wenye watu wawili, a- ya akamwambia inaweza kuwa ya kijana au ya mvuvi, na -ka- haisaidii chochote kuwatofautisha. Mtendaji anapobadilika, na wote ni wa ngeli moja, jina hurudishwa: "Kijana akamwambia." Ngeli zikitofautiana hakuna shida, kwani kiambishi cha mwanzo hufanya kazi hiyo: "Mvua ilinyesha, mto ukajaa, daraja likabomoka, magari yakakwama." Vitenzi vinne, watendaji wanne, hakuna anayepotea. Makosa ya huko ni ya upatanisho, kama *daraja ikabomoka, na hupatikana kwa kuunganisha kila kitenzi na jina lake kabla ya kusoma kinachofuata.

Tukisafisha, tunapata hivi:

"Mvuvi mmoja aliamka alfajiri, akanywa chai, akachukua nyavu zake akaenda pwani. Akakuta ngalawa yake haipo, kwa sababu usiku upepo mkali ulikuwa umekata kamba. Akaitafuta mpaka jua kali asiione. Kijana aliyekuwa akisuka dema akamwona, akamsogelea, akakaa karibu naye. Kijana akamwambia aende akamwone nahodha wa zamu. Nahodha akaja akacheka, akasema ngalawa imezuiliwa na mikoko."

Nimeacha mambo mawili katika sentensi ya mwisho bila kuyagusa. Mvuvi ameambiwa aende kwa nahodha, kisha nahodha ndiye aliyekuja. Hapa pana pengo: labda mvuvi alikwenda akamwita, labda nahodha alijitokeza mwenyewe. -ka- inaunganisha tendo na lililolitangulia kana kwamba hakuna kilichopita kati yao, na ulaini huo unaficha mashimo ya namna hii kwa urahisi. La pili ni akacheka. Kama nahodha alifika, akasikia habari, ndipo akacheka, neno liko sahihi. Kama alionekana kwa mbali anakuja huku kicheko kinamtoka, ni akicheka, na hapo ni nahodha aliyejua habari kabla ya kuambiwa. Sarufi inakubali yote mawili. Weka alama pembezoni, umwulize mwandishi.